Misemo ya Kiamhari katika desturi ya kahawa

Misemo ya Kiamhari katika desturi ya kahawa ni maneno ya kukaribisha, kutumikia, kushukuru na kuaga yanayotumiwa nchini Ethiopia wakati kahawa inapokaangwa, kupikwa na kunywewa mbele ya wageni. Makala hii inaieleza misemo hiyo pamoja na maneno ya Kiswahili yanayofanya kazi ileile, hasa kwa ajili ya mhudumu wa hoteli, mgahawa au nyumba ya wageni.

Lugha hizi mbili hukutana mezani mara nyingi. Jijini Nairobi kuna migahawa ya Kiethiopia ambako wateja wengi huongea Kiswahili. Addis Ababa nayo ni makao makuu ya Umoja wa Afrika, ambao mwezi Februari 2022 ulikipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Pande zote mbili, kosa la kawaida si la msamiati. Ni la kuchukua neno moja la Kiswahili, kama *karibu*, na kulitafutia neno moja tu la Kiamhari.

## Kuandika na kutamka

Kiamhari huandikwa kwa mwandiko wake wenyewe, ambamo kila alama ni silabi. Neno *buna*, yaani kahawa, huandikwa ቡና. Hapa maneno yameandikwa kwa herufi za Kiswahili, na kwa bahati nzuri *sh*, *ch*, *j* na *ny* za Kiswahili zinatosha bila kubadilishwa.

Zinazobaki ni sauti ambazo Kiswahili hakina. Alama ya ritifaa baada ya konsonanti, kama katika *t'*, *k'* na *ch'*, huonyesha sauti inayotamkwa kwa mkazo, koo likiwa limefungwa kidogo, kama kitu kinachopasuka mdomoni. Mhudumu asiyeweza kuitoa sauti hiyo ataeleweka bado, kwa kuwa mazingira ya meza humsaidia. Kiamhari pia kina irabu fupi hafifu, ambayo hapa imeandikwa *i*, na mara nyingi husikika kama haipo kabisa.

Neno *buna* lenyewe si geni kwa Mswahili. Kahawa ambayo haijakaangwa huitwa *buni*, na mti wake *mbuni*. Neno hilo lilifika pwani kwa njia ya Kiarabu *bunn*, ambalo ni la jamii moja na *buna* ya Ethiopia. Vilevile *sikwar* ni sukari na *selam* ni salamu.

## Vyombo na hatua

Anayepika kahawa kwa kawaida ni mwanamke wa nyumba au msichana, na hukaa chini au kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Sakafuni hutandazwa majani mabichi, *k'et'ema*. Ubani, *it'an*, huchomwa katika chetezo. Punje mbichi huoshwa, hukaangwa katika kikaango bapa hadi ziwe nyeusi na kuanza kung'aa kwa mafuta yake, kisha kikaango huzungushwa mbele ya wageni ili kila mmoja auvute moshi kwa kiganja. Baadaye punje hutwangwa kwa *muk'ech'a* na *zenezena*, yaani kinu na mchi, na unga hutiwa katika *jebena*.

Jebena ni mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba, mkono na mdomo wa kumiminia. Nafasi yake pwani hushikwa na *dele* ya shaba ya muuza kahawa, na *sini*, kikombe kidogo kisicho na mkono, ni *finjani*. Vikombe hupangwa juu ya *rekebot*, meza fupi kama sinia lenye miguu. Kahawa inapochemka na kupanda shingoni, jebena huondolewa motoni na kuachwa itulie. Anayemimina mapema huonekana mara moja, kwa sababu mashapo hujaa vikombeni. Aliyezoea humimina kutoka juu, kiasi cha futi moja, akipita kikombe hadi kikombe bila kuukata mkondo.

Hatua hizi huchukua saa moja na zaidi, jambo ambalo mgahawa unapaswa kumwambia mteja mapema. Msemo unaofaa ni *tinish yit'ebik'u*, "subiri kidogo" kwa heshima. Mteja akijibu *chekuyallehu*, "nina haraka", basi aletewe kahawa iliyokwisha pikwa. Na mgeni wa Addis Ababa akiagiza *makiyato*, anataka kahawa ya mashine yenye maziwa kidogo, ambayo ni ya kawaida sana katika mabaraza ya jiji hilo, asiwashiwe ubani.

## *Karibu* na misemo yake minne

Kiswahili humtumia *karibu* mtu anapofika, anapoombwa aingie, anapokuta watu wanakula, na hata anaposema asante. Kiamhari kimezigawa kazi hizo.

Kwa aliyefika husemwa *inkwan dehna met'u*, ambayo maana yake ni karibu na "afadhali umefika salama". Ni shukrani kwa safari iliyokwisha, wala si mwaliko wa kuingia. Ndiyo maana mgeni anayeambiwa maneno hayo mlangoni anaweza kubaki amesimama akisubiri neno la pili. Neno hilo ni *yigbu*, "ingia", na la tatu ni *yik'emet'u*, "keti". Mswahili aliyezoea kwamba "karibu" moja humfikisha mgeni mpaka kwenye kiti atajifunza kuzisema zote tatu.

Anayekuta watu wakila huambiwa *inibla*, "tule". Hii ndiyo inayolingana na "karibu chakula" au "karibu tule", na kama ilivyo kwa Waswahili, adabu ni kuwakaribisha wote hata kama chakula ni kidogo. Kwa kahawa, jirani huitwa kwa *nu, buna t'et'u*, "njooni mnywe kahawa".

Mwisho, *karibu* ya kujibu asante. Mgeni akisema *ameseginallehu*, "nashukuru", jibu ni *minim aydel*, yaani "si kitu" au "hamna neno". Mhudumu anayejibu *inkwan dehna met'u* hapa humshangaza mteja, maana ni kama kumpokea upya mtu aliyekwisha kunywa.

## Jinsia na heshima

Sehemu ngumu zaidi kwa Mswahili ni kwamba kitenzi cha Kiamhari hubadilika kulingana na anayeambiwa. Kiswahili husema "kunywa" kwa mwanamume na mwanamke, kwa mzee na mtoto, na huongeza *-ni* tu wakiwa wengi. Kiamhari kina maumbo manne: *t'et'a* kwa mwanamume, *t'ech'i* kwa mwanamke, *t'et'u* kwa wengi, na *yit'et'u* kwa mtu mmoja anayeheshimiwa. Ndivyo pia kwa kuketi: *tek'emet'*, *tek'emech'i*, *tek'emet'u* na *yik'emet'u*.

Umbo la heshima halitofautishi mwanamume na mwanamke, na hilo ni faida kubwa kwa anayejifunza. Mhudumu akikariri umbo la *yi-* peke yake kwa mgeni mmoja, hatakosea jinsia wala hatamvunjia mtu heshima. Kasoro yake ni kwamba akimwambia hivyo kijana wa rika lake, au mtoto, atasikika mgumu kidogo, na huenda kijana akacheka. Kicheko hicho ni bora kuliko kumwambia mama mzee *t'ech'i*, ambayo husikika kama amri kwa binti wa nyumbani.

Waswahili nao hawakosi heshima, ila huiweka mahali pengine: katika *shikamoo* na *marahaba*, na katika kuita mtu *mzee*, *mama*, *bibi*, *kaka* au *dada*. Kwa hiyo anayetafsiri *yit'et'u* kwa "kunywa" tu ameacha nusu ya neno. Tafsiri yenye uzito sawa ni "karibu kahawa, mzee" au "karibu unywe, mama". Kwa upande wa pili, *shikamoo* haina neno lake kamili katika Kiamhari. Salamu rasmi *t'ena yist'iliny*, inayomwombea mtu afya, humfaa mgeni wa umri wowote, na hujibiwa kwa maneno yaleyale. Mkubwa kwa mdogo hawatofautishwi kwa jibu kama la *marahaba*.

Kiamhari pia kina majina ya undugu. Mwanamume aliyezidi umri huitwa *gashe*, mzee kabisa *ababa*, bibi mzee *imama*, na wa rika moja *wendime*, "kaka yangu", au *ihite*, "dada yangu". Katika mambo rasmi husemwa *Ato* kwa bwana, *Weyzero* kwa mwanamke aliyeolewa na *Weyzerit* kwa asiyeolewa. Hapa hoteli hukosea mara kwa mara kwa kumwita mgeni kwa jina la mwisho kwenye kitabu cha wageni. Waethiopia kwa kawaida hawana jina la ukoo. Jina la pili ni la baba. Mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Abebe Bikila, alikuwa Abebe, na Bikila alikuwa baba yake. Mgeni mwenye jina la namna hiyo ni *Ato Abebe*. Kumwita "Bwana Bikila" ni kumwita baba yake.

## Vikombe vitatu

Kahawa ya desturi hunywewa kwa mizunguko mitatu, kila mmoja ukiwa na jina. Wa kwanza ni *abol*, wa pili *tona* na wa tatu *bereka*. Majina hayo hufafanuliwa kuwa yametokana na Kiarabu: *awwal*, *thani* na *baraka*. Kiswahili kina *awali* na *baraka* kutoka chimbuko hilohilo, basi Mswahili anaweza kuyakariri bila shida: awali, ya pili, baraka.

Punje hazikaangwi upya kwa kila mzunguko. Baada ya abol kumiminwa, maji huongezwa juu ya mashapo yaliyobaki ndani ya jebena na kuchemshwa tena. Kwa hiyo tona ni nyepesi kuliko abol, na bereka ni nyepesi zaidi. Mteja asiyejua hilo akionja kikombe cha tatu anaweza kudhani amepunjwa, na mhudumu afanye vyema kumweleza tangu mwanzo.

Kutoka hapo hutokea swali la kukataa. Mgeni aliyetosheka husema *bek'any*, "imenitosha", na humalizia kwa *ameseginallehu*. Lakini akisema hivyo baada ya abol, mwenyeji wa nyumbani hatamwacha haraka, kwa sababu baraka iko kwenye kikombe cha tatu na kuondoka mapema ni kama kuiacha mezani. Atamsihi: *ibakwo, yit'et'u*, "tafadhali, kunywa". Mgeni akikubali husema *ishi*, "haya". Akirudia *bek'any* mara ya pili na kuweka mkono juu ya sini, amekataa kweli.

Katika nyumba za Waswahili utaratibu wa kusihi upo pia, ila alama zake ni tofauti. "Asante" ya Mswahili anayekaribishwa chakula mara nyingi ni kukataa kwa adabu, na mwenyeji hujibu "onja hata kidogo". Mwethiopia anayepokewa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuichukua "asante" hiyo kuwa kukubali, akaongeza kikombe. Tafsiri salama ya *bek'any* ni "imenitosha, asante", kwa kuwa "asante" pekee haisemi kama ni ndiyo au hapana.

Kwenye mgahawa, kusihi kwa namna ya nyumbani hakufai, hasa pale ambapo kila kikombe kinalipiwa. Yatosha mhudumu kuuliza mara moja, *lich'emir?*, yaani "niongeze?", na kupokea jibu lolote.

## Mfano wa meza moja

Chukua mgahawa wa Nairobi ambako wameingia wageni watatu kutoka Addis Ababa: mzee, binti yake mtu mzima, na kijana anayewaendesha. Anayewapokea ni mhudumu wa kike anayeongea Kiswahili.

Kwa kuwa ni watatu, anaanza kwa wingi: *inkwan dehna met'achihu*, "karibuni, poleni na safari". Akiwaonyesha meza husema *tek'emet'u*, "ketini". Mzee amebaki amesimama akitazama jebena, basi anamgeukia peke yake: *yik'emet'u, ababa*, "karibu kiti, mzee". Tofauti kati ya *tek'emet'u* na *yik'emet'u* ni silabi ya kwanza tu, lakini ya pili ndiyo inayomfanya mzee aone kwamba ametambuliwa.

Mhudumu anamuuliza mzee kwanza: *buna yit'et'alu?*, "utakunywa kahawa, mzee?" Anajibu *awo*, "ndiyo". Binti anaulizwa kwa umbo lilelile la heshima, maana mhudumu hamjui. Kijana anaulizwa *tit'et'alleh?*, umbo la mwanamume wa kawaida, naye anatabasamu kwa kuwa ndivyo anavyoulizwa kwao.

Baada ya kahawa kutulia, swali la sukari hufuata: *sikwar yifeligalu?* Mzee anasema *tinish*, "kidogo". Binti anasema *yale sikwar*, "bila sukari". Mhudumu anajibu kila mmoja *ishi*, neno ambalo hufanya kazi ya "sawa", "haya" na "nimesikia" kwa pamoja, na ambalo ukilikosa mazungumzo yote hukwama. Sini ya kwanza inamwendea mzee. Pembeni kuna *fendisha*, yaani bisi, mahali ambapo muuza kahawa wa pwani angeweka kashata.

Mzee anaonja na kusema *bet'am yit'aft'al*, "tamu sana", kisha *ijish yibarek*. Maana yake ni "mkono wako ubarikiwe", na *-sh* ya mwisho katika *ijish* inaonyesha kwamba anayeambiwa ni mwanamke. Angekuwa mwanamume angeambiwa *ijih*. Jibu ni *amen*. Kiswahili hakina msemo mmoja uliotulia kwa nafasi hii. "Asante kwa kahawa nzuri" ni sahihi lakini humshukuru mtu kwa kitu, ilhali Kiamhari kinaubariki mkono uliokitengeneza. Iliyo karibu zaidi ni "Mungu akubariki, mwanangu, kahawa imekolea". Kosa la mhudumu mgeni wa lugha ni kujibu *minim aydel* hapa. Baraka haijibiwi kwa "si kitu".

Baada ya tona kijana anasema *bek'any*. Mhudumu hamsihi, anaondoa sini yake. Mzee na binti wanaendelea hadi bereka.

## Maziwa na siku za kufunga

Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, pamoja na vipindi virefu kama Kwaresima. Siku hizo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Kufunga ni *ts'om*, neno la jamii moja na *saumu*, lakini mhudumu Mswahili asidanganyike na undugu huo: mtu aliye katika *ts'om* akiisha kufungua anaweza kunywa kahawa mchana, mradi isiwe na maziwa. Kumletea kahawa yenye *wetet*, maziwa, au mkate uliopakwa *k'ibe*, siagi, ni kumlazimisha akatae mbele ya wenzake. Chakula kinachofaa siku hizo huitwa *yets'om*, na neno hilo peke yake, likiulizwa au kusikika mezani, latosha kumwongoza aliye jikoni.

Waethiopia Waislamu nao hunywa kahawa kwa desturi hii, na kwao siku za Ramadhani kahawa husubiri magharibi. Mavazi wala jina havitoshi kumtambulisha mtu, hivyo ni heri kuuliza kuliko kukisia.

## Kuaga

Anayeondoka na anayebaki huagana kwa *dehna yihunu*, "uwe salama", kwa anayeheshimiwa. Kwa mwanamume wa kawaida ni *dehna hun*, kwa mwanamke *dehna hunyi*, na kwa wengi *dehna hunu*. Kiswahili kina "kwaheri", na anayeondoka huongezewa "safari njema" huku anayebaki akiambiwa "baki salama". Kiamhari hutumia *dehna* hiyohiyo kwa wote wawili. Mwenyeji wa Kiswahili kwa kawaida huongeza "karibu tena". Akitaka kulisema hilo kwa Kiamhari asirudie *inkwan dehna met'u*, kwa kuwa mgeni aliye mlangoni akitoka hajafika popote. Aseme *dehna yihunu*, na aende naye hatua chache nje.